Balbu za uzi au LED madarasani: gharama hurudi baada ya saa ngapi?

Shule inapofikiria kuondoa balbu za uzi na kuweka LED, swali la kwanza la kamati huwa ni idadi ya madarasa: tuna madarasa 24, kila moja lina balbu 6, jumla balbu 144, je, hela itarudi lini? Swali ni halali, ila idadi hiyo haina uzito wowote kwenye jibu. Ukiongeza madarasa mara mbili, gharama inapanda mara mbili na akiba nayo inapanda mara mbili, na muda wa kurudisha gharama unabaki palepale. Kinachouvuta muda huo au kuufupisha ni saa ambazo kila balbu inawaka kwa mwaka. Kwa hiyo hapa chini nalinganisha mambo mawili kwa pamoja: balbu ya uzi na LED, halafu darasa na darasa ndani ya shule ileile. Ulinganisho huo wa pili ndio unaoamua, na ndio unaosahaulika.

Balbu kwa balbu

Tuchukue balbu ya uzi ya wati 60, ile iliyozoeleka. Inatoa mwanga wa lumeni 700 hadi 800 hivi ikiwa mpya, na kiwandani hupangiwa kuishi saa 1,000. Umeme mwingi unaoingia ndani yake unatoka kama joto, ndiyo maana huwezi kuishika ikiwa imewaka. LED inayotoa mwanga huohuo hutumia wati 8 au 9, na zile nzuri huandikiwa saa 15,000 na kuendelea.

Wakati wa kununua, linganisha lumeni zilizoandikwa kwenye boksi na usitegemee maneno ya "sawa na wati 60". Wapo wauzaji wanaoiita taa ya lumeni 500 kuwa sawa na balbu ya 60. Ukiifunga taa hiyo, akiba kwenye karatasi itapendeza, lakini mwanafunzi wa nyuma ataanza kuinamia daftari, na muda si mrefu mtu ataongeza taa nyingine. Mwanga ukipungua, ujue hujaokoa umeme. Umenunua huduma ndogo zaidi.

Bei ndiyo inayovuruga hesabu hizi kwa sababu inabadilika kila mahali na kila mwaka. Dawa yake ni kuigeuza bei ya taa kuwa uniti za umeme. Chukua bei ya LED moja, igawanye kwa bei ya uniti moja (yaani kilowati-saa moja), upate taa hiyo ina thamani ya uniti ngapi. Tuseme kwa mfano wetu LED ina thamani ya uniti 20, kazi ya fundi kuifunga ni uniti 4, na balbu ya uzi ni uniti 5. Kwako namba zitakuwa nyingine, lakini njia ni ileile:

```
uniti zinazookolewa kwa saa = (wati za zamani - wati za LED) / 1000
saa za kurudisha gharama    = gharama ya LED kwa uniti / akiba ya saa moja
```

Tofauti ya wati 60 na wati 9 ni wati 51, yaani uniti 0.051 kila saa taa inapowaka. Juu yake ongeza balbu za uzi ambazo hutanunua tena: uniti 5 zikigawanywa kwa saa 1,000 ni uniti 0.005 kwa saa. Jumla ni 0.056. Gharama yetu ni uniti 24, na 24 ukigawanya kwa 0.056 unapata saa 430 hivi.

Shika namba hiyo ya 430. Ni saa za taa kuwaka, na wala si siku za kalenda. Iwe darasani, stoo au bwenini, LED hii ikishawaka saa 430 imejilipa.

Hakikisha kwa mita kabla ya kuamini karatasi

Wati 60 iliyoandikwa kwenye kioo cha balbu ni ya volti iliyokusudiwa. Volti ikiwa chini kwa asilimia 10, balbu ya uzi hutumia wati 51 hivi, na mwanga wake hushuka kwa karibu asilimia 30. Shule zilizo mwisho wa laini huiona hali hii kila jioni. LED nyingi zenye kidhibiti kizuri ndani hubaki na mwanga uleule volti ikishuka kiasi hicho.

Kujua hali yako si kazi kubwa. Mita nyingi za kielektroniki zina kitaa kidogo chekundu kinachopepesa, na pembeni yake kuna maandishi kama `1000 imp/kWh`, maana yake mipepeso 1,000 kwa kila uniti. Zima kila kitu kinachopita kwenye mita hiyo, acha darasa moja tu lenye balbu 6 za wati 60. Hizo ni wati 360, kwa hiyo kitaa kitapepesa kila baada ya sekunde 10. Ukihesabu ukakuta ni karibu sekunde 12, balbu zako kwa kweli zinatumia kama wati 300, na huenda volti ndiyo iko chini. Ukishafunga LED 6 za wati 9 rudia zoezi: wati 54 zitapepesa mara moja kwa sekunde 67 hivi. Mwalimu mkuu akisimama mbele ya mita akaziona sekunde hizo kwa macho yake, hakuna jedwali litakalomshawishi zaidi.

Kwa shule hiyo yenye volti ya chini, akiba ni wati 42 badala ya 51, na muda unapanda kutoka saa 430 hadi 510 hivi. Hata zaidi kidogo, kwa sababu balbu ya uzi inayopata volti pungufu huishi muda mrefu, hivyo kile kipande cha akiba cha kutonunua balbu nacho kinapungua. Bado inalipa, ila mhasibu anayeahidi kamati tarehe afadhali ajue.

Jambo jingine la kuhesabu kwa uaminifu ni holda zilizo na balbu zilizoungua. Darasa lenye holda 6 mara nyingi lina balbu 4 tu zinazowaka. Ukifunga LED 6, nne ndizo zinazookoa umeme. Mbili zilizobaki zinaongeza matumizi kidogo, kwa sababu pale hapakuwa na kitu kinachokula umeme. Mimi ningezifunga zote sita bila kusita, watoto wanahitaji kuona, lakini hizo mbili zisiandikwe kwenye safu ya akiba. Shule nyingi zinazolalamika kwamba bili haikushuka kama walivyoahidiwa zilihesabu holda badala ya kuhesabu balbu zinazowaka.

Darasa kwa darasa

Sasa turudi kwenye shule yetu ya mfano ya madarasa 24. Siku za masomo ni 190 kwa mwaka. Baada ya kupita na daftari kwa wiki mbili tatu kuandika taa zinawashwa na kuzimwa saa ngapi, vyumba vinajigawa vyenyewe katika makundi matatu.

| Kundi | Vyumba | Balbu | Saa kwa mwaka kwa balbu | Gharama (uniti) | Akiba ya mwaka (uniti) | Gharama hurudi baada ya |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Prepu ya usiku | 6 | 36 | 760 | 864 | 1,532 | miezi 7 hivi |
| Madarasa ya mchana | 14 | 84 | 190 | 2,016 | 894 | miaka 2 na miezi 3 |
| Stoo na vyumba vya nadra | 4 | 24 | 20 | 576 | 27 | zaidi ya miaka 21 |
| Shule nzima | 24 | 144 | | 3,456 | 2,453 | mwaka 1 na miezi 5 |

Mstari wa mwisho ndio unaopelekwa kwenye kikao, na ndio unaodanganya. Mwaka mmoja na miezi mitano ni wastani wa vitu vitatu visivyofanana hata kidogo. Vyumba vya prepu, ambavyo vinawaka saa 4 kila siku ya masomo, vinajilipa kabla mwaka haujaisha. Stoo haitajilipa hadi watoto wa wanafunzi wa sasa wawe wamemaliza shule. Ukichanganya, kundi la kwanza linamlipia madeni kundi la tatu na hakuna anayeona.

Ondoa kundi la tatu kwenye mpango na gharama inashuka hadi uniti 2,880, huku akiba ikipungua kwa uniti 27 tu. Muda wa kurudisha gharama unakuwa mwaka mmoja na miezi miwili hivi. Uniti 576 zilizobaki mkononi zinaweza kwenda kwenye kazi nyingine.

Angalia pia kundi la pili. Saa 190 kwa mwaka ni saa moja kwa siku, madarasa yenye madirisha mazuri ambayo huwasha taa asubuhi au siku ya mawingu. Lakini makadirio hayo yana maana tu kama taa huzimwa. Nikikuta madarasa ya mchana yanayowaka kutwa nzima na jua liko dirishani, naona kundi la pili limegeuka kundi la kwanza kwa uzembe, na muda wa kurudisha gharama utaonekana mfupi sana kwenye karatasi. Hapo akiba ya kwanza ni kidole kwenye swichi, na haina gharama yoyote. Usihesabu kwa LED akiba ambayo mwanafunzi wa zamu angekuletea bure. Tenganisha hayo mawili: kwanza andika saa ambazo taa inahitajika kweli, ndizo uzitumie kwenye hesabu.

Kubadilisha zote leo, au kusubiri ziungue?

Huu ni uamuzi ambao shule nyingi huufanya kwa hisia. Balbu bado inawaka, kwa nini tuitupe? Tusubiri iungue ndipo tuweke LED. Inasikika kama ubahili mzuri, ila hesabu inasema vingine.

Balbu ya uzi inayowaka leo, kwa wastani, imebakiwa na nusu ya maisha yake, saa 500. Katika saa hizo itakula uniti 25 zaidi ya LED. Kumbuka LED yenyewe tumesema ni uniti 20. Kwa hiyo anayesubiri balbu iungue anateketeza umeme wenye thamani kubwa kuliko taa mpya, ili kuokoa nusu ya thamani ya balbu, ambayo ni uniti 2 na nusu. Kwenye vyumba vya prepu saa 500 hizo zinapita ndani ya miezi minane. Huko usisubiri hata siku moja zaidi ya inavyolazimu.

Madarasa ya mchana yanabeba hesabu ileile kwa mwendo wa taratibu: saa 500 huko ni miaka miwili na nusu na ushee. Kama fedha ipo, badilisha sasa. Kama fedha ni ya kukopa kwa riba, au kuna paa linalovuja, kusubiri huko hakuna aibu. Na stooni kusubiri ndiyo njia sahihi.

Na kama shule ina robo tu ya fedha? Uniti 864 za kundi la kwanza ni robo kamili ya gharama yote ya 3,456. Ukizianzia kwenye prepu, akiba ya uniti 1,532 kwa mwaka inaweza kununua LED za madarasa yote ya mchana baada ya mwaka mmoja na miezi minne, bila kuomba mchango mpya. Sharti ni moja: akiba iwekwe kando kila mwezi kwenye fungu lake. Bili ikishuka halafu tofauti ikamezwa na matumizi mengine, hutaiona tena, na kundi la pili halitafungwa kamwe. Ukiwa na fedha ya makundi yote mawili leo, fanya yote mawili leo, kwa sababu kila mwaka wa kuchelewesha madarasa ya mchana unakula uniti 894.

LED rahisi au LED nzuri

Hapa ndipo hesabu ya muda wa kurudisha gharama yenyewe inapoweza kukupotosha, kwa hiyo nakaa nayo kidogo. Tuseme dukani kuna LED mbili: ya uniti 20 tuliyokwisha kuitumia, na nyingine ya uniti 10. Zote ni wati 9. Ukiongeza ufundi, ile rahisi ni uniti 14, na inajilipa kwa saa 250. Ile nzuri inahitaji saa 430. Kwa kipimo hiki peke yake, rahisi imeshinda.

Lakini kipimo hiki kinanyamaza kimya pindi gharama inaporudi. Hakisemi chochote kuhusu kinachofuata. Tuseme ile rahisi inakufa kwa saa 2,000. Katika saa 6,000, ambazo ni kama miaka minane ya prepu, utanunua tatu na kuzifunga mara tatu, jumla uniti 42. Ile nzuri bado iko darini kwa uniti 24. Kwa hiyo tumia muda wa kurudisha gharama kuchagua chumba kipi kianze, na kwa kuchagua taa ipi ununue tumia gharama ya miaka yote.

Dhamana nayo isomwe kwa saa. Dhamana ya miaka miwili kwenye chumba cha prepu inafunika saa 1,520, mbali kabisa na 430, kwa hiyo taa mbovu ikifa utakuwa umesharudisha hela au utabadilishiwa. Dhamana hiyohiyo kwenye darasa la mchana inafunika saa 380 tu. Inaisha kabla taa haijajilipa! Kwa hiyo madarasa ya mchana ndiyo yanayostahili taa yenye dhamana ndefu, kinyume na watu wengi wanavyofikiri.

Kinachoua LED mapema kwa kawaida ni joto, hasa kwenye saketi iliyo ndani ya kitako chake. Balbu ya uzi haikujali kufungiwa ndani ya bakuli la kioo; LED inajali sana. Kama madarasa yako yana mabakuli yaliyozibwa, tafuta taa iliyoandikwa kuwa inafaa kwa nafasi iliyofungwa, au ondoa mabakuli pale inaporuhusiwa kiusalama. Dalili huja mapema: taa inawaka, inazima yenyewe ikipata moto, inawaka tena ikipoa. Ukiona hivyo kwenye taa moja ya chumba, usingoje nyingine zifuate.

Na kuna taa zinazobaki na mwanga hafifu usiku hata zikizimwa. Mara nyingi sababu ni swichi iliyofungwa kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto. Balbu ya uzi ilikuwa inalificha kosa hilo, LED inalifichua. Mwite fundi umeme alirekebishe, kwa sababu holda ya hivyo ina umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na atakayepanda ngazi kubadilisha taa yuko hatarini.

Bei ya uniti ipi?

Nimeacha hili mwisho kwa sababu linahitaji bili mkononi. Usichukue bili nzima ukaigawanya kwa uniti zilizotumika. Ndani ya bili kuna tozo za kila mwezi ambazo hazishuki hata ukizima shule nzima, na ukizijumuisha utaipa kila uniti bei isiyo yake, akiba itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Chukua bei ya uniti ya mwisho unayolipa. Kama umeme wenu unauzwa kwa madaraja, ambapo uniti za juu ni ghali zaidi, basi LED inapunguza kwanza zile za ghali, na gharama hurudi mapema kuliko wastani unavyoonyesha. Ila ikitokea matumizi yameshuka hadi daraja la chini, kila uniti inayofuata inaokoa kidogo zaidi, kwa hiyo kundi la pili likokotolewe upya kwa bei mpya baada ya prepu kukamilika.

Baki ya kazi ni zile balbu 36 za uzi zitakazotoka kwenye prepu zikiwa bado zinawaka. Zifungwe vizuri kwenye maboksi yake, ziandikwe, ziwe akiba ya stoo na vyumba vya nadra. Balbu yenye saa 500 zilizobaki, kwenye chumba kinachowaka saa 20 kwa mwaka, ina miaka 25 ya kazi mbele yake, na shule haitahitaji kununua balbu ya uzi tena.